Alama zikisawazishwa, wa kwanza anaweza kuwa wa tatu bila karatasi kuguswa

Jirani yangu hapa Umoja alinisimamisha stejini asubuhi moja, mkoba begani na simu mkononi. "Mwalimu, hebu niangalizie hii kabla matatu haijajaa." Kwenye simu kulikuwa na picha mbili za orodha ya Kidato cha Tatu, zilizopigwa kwenye ubao wa matangazo wa shule anakosoma binti yake. Orodha ya kwanza ilibandikwa Jumatatu na ya pili Alhamisi. Jumatatu binti alikuwa wa nne, Alhamisi akawa wa sita. Chini ya orodha ya pili mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Alama zimesawazishwa."

"Sasa niambie, ni nani amempunguzia mtoto wangu alama?"

Nilifundisha hisabati miaka mingi, na swali hilo nimeulizwa na wazazi, na walimu, na mara moja na mwalimu mkuu aliyekuwa ameiamuru kazi hiyo yeye mwenyewe. Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyepunguziwa chochote. Kilichobadilika ni uzito wa kila somo ndani ya jumla. Jibu hilo halimtoshi mtu aliyeona nafasi mbili zikipotea kati ya Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo tulifanye kwa hesabu.

Kusawazisha ni kuzipeleka alama za kila somo kwenye wastani mmoja na mtawanyiko mmoja uliochaguliwa mapema. Wastani kila mtu anaujua. Mtawanyiko ni kipimo cha jinsi alama zilivyosambaa kuuzunguka wastani huo: chukua umbali wa kila alama kutoka kwenye wastani, uuzidishe kwa wenyewe, tafuta wastani wa majibu hayo, kisha kipeuo chake cha pili. Darasa ambalo wote wamepata kati ya 55 na 65 lina mtawanyiko mdogo. Darasa lenye mtu wa 20 na mtu wa 80 lina mtawanyiko mkubwa.

Tuseme shule imechagua wastani wa 50 na mtawanyiko wa 15. Alama mpya ya mwanafunzi inapatikana hivi: toa wastani wa somo kwenye alama yake, gawanya kwa mtawanyiko wa somo, zidisha kwa 15, ongeza 50. Basi.

Nitatumia wanafunzi watano wa kubuni na masomo mawili tu, ili kila kitu kionekane.

| | Hisabati | Kiswahili | Jumla |
|---|---|---|---|
| Akinyi | 80 | 54 | 134 |
| Baraka | 60 | 57 | 117 |
| Chebet | 50 | 65 | 115 |
| Dida | 40 | 63 | 103 |
| Ekai | 20 | 61 | 81 |

Itazame safu ya jumla kwanza. Mpangilio wake ni ule ule wa Hisabati, kuanzia juu hadi chini: Akinyi, Baraka, Chebet, Dida, Ekai. Sasa tazama Kiswahili, ambako Akinyi ni wa mwisho na Chebet wa kwanza. Somo hilo limefanywa, limesahihishwa, limejumlishwa, na halijasogeza mtu hata nafasi moja. Mtu angeweza kuzitupa karatasi zote za Kiswahili na orodha ingebaki vile vile. Mwalimu wa Kiswahili akiijua habari hii atakasirika, na atakuwa na haki.

Sababu iko kwenye mtawanyiko. Wastani wa Hisabati ni 50, na alama ziko mbali nao kwa 30, 10, 0, 10 na 30. Ukizidisha kila umbali kwa wenyewe unapata 900, 100, 0, 100 na 900, jumla 2000. Gawanya kwa watano upate 400, ambayo kipeuo chake cha pili ni 20. Huo ndio mtawanyiko wa Hisabati. Kiswahili kina wastani wa 60, na kwa njia hiyo hiyo mtawanyiko wake ni 4. Hisabati imesambaa mara tano zaidi. Unapojumlisha alama ghafi unadhani umeyapa masomo mawili haki sawa kwa kuwa yote yanatoka kwa mia, lakini nafasi hazitokani na ile mia. Zinatokana na tofauti baina ya mtu na mtu, na tofauti nyingi ziko kwenye Hisabati.

Sasa tusawazishe. Katika Hisabati kila umbali unazidishwa kwa 15 gawanya kwa 20, yaani 0.75. Umbali unabanwa. Katika Kiswahili unazidishwa kwa 15 gawanya kwa 4, yaani 3.75. Umbali unavutwa karibu mara nne. Akinyi alikuwa juu ya wastani wa Hisabati kwa 30, sasa yuko juu kwa 22.5, kwa hiyo ana 72.5. Katika Kiswahili alikuwa chini kwa 6, sasa yuko chini kwa 22.5, kwa hiyo ana 27.5. Jumla yake ni 100 kamili. Wengine wakifanyiwa hivyo hivyo:

| | Hisabati | Kiswahili | Jumla |
|---|---|---|---|
| Chebet | 50 | 68.75 | 118.75 |
| Dida | 42.5 | 61.25 | 103.75 |
| Akinyi | 72.5 | 27.5 | 100 |
| Baraka | 57.5 | 38.75 | 96.25 |
| Ekai | 27.5 | 53.75 | 81.25 |

Akinyi ametoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu. Chebet amepanda kutoka ya tatu hadi ya kwanza, Dida kutoka ya nne hadi ya pili, na Baraka ameshuka mbili. Ekai peke yake hakusogea, maskini.

Lakini rudi ndani ya somo moja moja. Hisabati bado ni Akinyi, Baraka, Chebet, Dida, Ekai. Kiswahili bado ni Chebet, Dida, Ekai, Baraka, Akinyi. Ndani ya somo hakuna aliyempita mwenzake, wala hawezi, kwa sababu wote wamezidishwa kwa namba ile ile na kuongezewa namba ile ile. Mabadiliko yote yametokea kwenye jumla. Kwa hiyo mzazi akiona nafasi ya mtoto imebadilika katika somo moja baada ya kusawazisha, hapo kuna kosa, na nitafika kwenye kosa ninalokutana nalo mara nyingi.

Watu wengi hudhani kinachohamisha nafasi ni wastani. "Kiswahili kilikuwa rahisi, ndiyo maana wakapunguza." Ukimpunguzia kila mtu alama 10, au ukimwongezea, nafasi zote zinabaki zilivyo, katika somo na katika jumla. Hata zile 50 na 15 ni mapendeleo tu. Mmarekani William McCall alipopendekeza kipimo chake mwaka 1922 alichagua wastani wa 50 na mtawanyiko wa 10. Mtihani wa SAT wa huko huko Marekani ulijengwa juu ya kundi la mwaka 1941 kwa wastani wa 500 na mtawanyiko wa 100. Wapeleke Akinyi na wenzake kwenye kipimo chochote kati ya hivyo, mradi masomo yote mawili yaende kwenye kipimo kimoja, na orodha itakuwa ile ile ya Chebet, Dida, Akinyi, Baraka, Ekai. Cha kuuliza ni kila somo lilikuwa na mtawanyiko gani kabla, na limepewa upi baada.

Je, orodha ya pili ni ya haki kuliko ya kwanza? Hapa ndipo walimu hugombana chumbani mwao, na mimi sina upande mmoja wa kudumu. Kusawazisha kunayapa masomo mawili uzito sawa, na kama shule ilikusudia hivyo, orodha ya kwanza haikutimiza kusudi hilo. Lakini jiulize kwa nini alama za Kiswahili zilibanana. Huenda wanafunzi kweli wanakaribiana. Huenda pia msahihishaji ni mwoga wa namba. Anayeijua insha inayotolewa alama 20 anamjua mwalimu wa aina hiyo: mtoto aliyeandika vizuri sana anapata 14, aliyeandika ovyo anapata 11, na katikati hapo ndipo darasa zima linapopangwa. Alama moja ya ziada inaweza kutokana na mwandiko, au na kwamba karatasi hiyo ilikuwa ya arobaini jioni ya Ijumaa.

Ukisawazisha, unavuta vyote pamoja: ujuzi wa kweli na bahati ya msahihishaji. Katika mfano wetu kila alama moja ya Kiswahili imekuwa 3.75. Sasa tazama tena orodha ya pili. Dida anamshinda Akinyi kwa 3.75, na Akinyi anamshinda Baraka kwa 3.75. Yaani nafasi ya pili, ya tatu na ya nne zimetenganishwa na alama moja moja ya Kiswahili. Mimi singethubutu kumwambia mzazi kwamba Dida amemzidi Akinyi. Ningesema Chebet anaongoza, Ekai yuko nyuma, na watatu wa katikati wako pamoja.

Kuna jambo lingine ambalo hata walimu wazoefu hushtuka wakilionyeshwa. Mtawanyiko si mali ya mtihani, ni mali ya kundi lililoufanya. Mwongeze mtu mmoja kundini na kila mtu anahesabiwa upya.

Mlete mwanafunzi wa sita, Furaha. Amehamia juzi, siku ya Kiswahili alichelewa, insha ikampita, akapata 40. Hisabati alipata 50. Hakuna aliyetarajia ashindane na akina Akinyi. Lakini ile 40 iko mbali sana na wenzake, kwa hiyo mtawanyiko wa Kiswahili unaruka kutoka 4 hadi 8.3. Wa Hisabati unashuka kidogo tu, hadi 18.26. Kila umbali katika Kiswahili sasa unazidishwa kwa 1.81 badala ya 3.75, na wa Hisabati kwa 0.82. Hisabati imepata tena sauti kubwa. Ukizijumlisha, Akinyi ana 119.83, Chebet 115.06, Baraka 108.82, Dida 103.23, Ekai 83.18 na Furaha 69.88.

Akinyi amerudi kuwa wa kwanza! Baraka amempita Dida. Furaha mwenyewe ni wa mwisho, lakini kuwepo kwake kumeamua nani achukue zawadi. Katika darasa la watu 45 mtu mmoja hana nguvu kiasi hicho, ila wawili watatu waliopewa sifuri kwa kukosa karatasi wanaweza kabisa kuzigeuza nafasi zinazokaribiana. Ndiyo maana mwalimu mwangalifu hukokotoa wastani na mtawanyiko kwa kutumia waliofanya karatasi nzima pekee. Aliyekosa huachwa wazi, na sifuri haiandikwi mahali pasipo na kazi iliyofanywa.

Tatizo hilo hilo linavaa nguo nyingine pale shule yenye mikondo inaposawazisha kila mkondo peke yake kwa sababu walimu tofauti walisahihisha. Kama wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu, haina neno sana, kwani mikondo inatarajiwa kulingana. Lakini kama mkondo mmoja ulichaguliwa kwa uwezo, kuipa yote wastani wa 50 ni kutangaza kwamba inalingana, na mtoto wa kawaida katika mkondo wenye nguvu atashuka chini ya mtoto ambaye angemshinda kwa urahisi katika mtihani ule ule. Hapo dawa haimo kwenye hesabu. Mwalimu mmoja asahihishe swali la kwanza katika mikondo yote, mwingine la pili, na kusawazisha kwa ajili ya msahihishaji kutakuwa hakuna haja.

Sasa lile kosa. Shule nyingi za Nairobi hufanya kazi hii kwenye jedwali la kompyuta, na fomula yenyewe ni fupi. Kwa alama zilizo kwenye B2 hadi B6:

```
=50+15*(B2-AVERAGE(B$2:B$6))/STDEV.P(B$2:B$6)
```

Zile alama za dola ndizo zinazofunga safu isisogee unapoinakili fomula kwenda chini. Mwalimu akizisahau, Akinyi anapimwa dhidi ya watu watano, Baraka dhidi ya wanne kuanzia yeye kwenda chini, Chebet dhidi ya watatu, na Dida dhidi ya wawili tu, yeye na Ekai. Katika Hisabati yetu matokeo yake ni Akinyi 72.5, Baraka 67.75, Chebet 66.04, na Dida 65. Dida, mwenye 40 halali, angestahili 42.5! Ekai anabaki peke yake, mtawanyiko wake ni sifuri, na kisanduku chake kinaandika `#DIV/0!`. Mwalimu mwenye haraka hukifuta kisanduku hicho kimoja, akaandika alama kwa mkono, akaendelea. Nimeiona hiyo kwa macho yangu, na orodha ilikuwa imeshachapishwa.

Kulinasa kosa hilo ni kazi ya dakika moja. Baada ya kusawazisha, tafuta wastani na mtawanyiko wa safu mpya. Lazima upate 50 na 15. Ukipata kitu kingine, usibandike chochote.

Kosa dogo zaidi ni la kuondoa desimali mapema. Hisabati ilibanwa kwa 0.75, kwa hiyo aliyepata 60 anakuwa na 57.5 na aliyepata 61 anakuwa na 58.25. Ondoa desimali na wote ni 58. Watu wawili waliokuwa wametofautiana sasa wamelingana. Upande wa pili, somo lililovutwa linaweza kuvuka mia: katika kundi lenye wastani wa 60 na mtawanyiko wa 4, anayepata 75 anatoka na 106.25, na anayepata 74 anatoka na 102.5. Shule ikikata yote kwenye mia, wa kwanza na wa pili wanakuwa kitu kimoja. Hizo ndizo njia pekee za halali, kama tunaweza kuziita halali, ambazo nafasi ndani ya somo moja zinaweza kuguswa. Kwa hiyo desimali zibaki hadi jumla ipatikane, na kama mia inavukwa, ni afadhali kuchagua mtawanyiko mdogo zaidi kwa masomo yote kuliko kukata vichwa.

Wazazi wa rika langu tulilelewa na KCPE, na hata baada ya mtihani huo kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023 bado tunalitazama lile rundo la jumla kama kitu kilichopimwa kwa mizani ya duka. Jumla si kilo za sukari. Kabla ya kujumlisha lazima mtu aamue kila somo lina uzito gani. Asipoamua, mtawanyiko unamwamulia kimya kimya, kama ulivyofanya Jumatatu katika shule ya binti ya jirani yangu.

Nilimwambia asiende kule kugombana. Aende na swali moja: mtawanyiko wa kila somo ulikuwa ngapi kabla ya kusawazisha, na je, waliokosa karatasi walihesabiwa? Jioni akanitumia ujumbe. Mwalimu wa darasa alikuwa amempa namba bila ubishi: Hisabati 19, Kiswahili 5, na wanafunzi watatu waliokosa karatasi ya Kiswahili walikuwa wameachwa nje ya hesabu. Binti yake ni hodari wa hisabati na wa katikati katika Kiswahili.

"Kwa hiyo mtoto wangu ni wa nne au wa sita?" akaniuliza.

Nikamwandikia kwamba kama shule inataka Hisabati ibebe karibu mara nne ya Kiswahili, ni wa nne. Kama inataka yalingane, ni wa sita. Na kama kati ya wa nne na wa sita kuna alama moja au mbili za insha, basi ningemwomba mwalimu anionyeshe insha yenyewe kwanza.

"Insha ataileta kesho," akajibu.